Zuhura, kuhusu ule mstari mmoja

Assalam aleykum shoga yangu. Ujumbe wako wa saa nane usiku nimeuona alfajiri, na picha ya kipimo cha mimba nimeiona. Nimeikuza mpaka nikaona nyufa za sakafu ya bafu lako. Mstari ni mmoja, sikufichi. Lakini umeandika "basi mimi nina kasoro," na hilo ndilo lililonikalisha chini kuandika, maana tukipigiana simu utalia, nami nitalia, na hakuna kitakachoeleweka. Soma taratibu, ukiwa umeshakunywa chai.

Miaka sita nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa, na wanawake wanaorudi na hilo swali lako ni wengi kuliko unavyodhani. Siku zimepita, kipimo kinakataa, kuna nini? Wote tumefundishwa kuhesabu kuanzia damu hadi damu, kana kwamba damu ina kalenda yake. Haina. Damu inafuata yai. Yai likishatoka, na mimba isipotunga, damu inakuja baada ya kama wiki mbili, na hizo wiki mbili hazichezi sana. Kinachocheza ni zile siku za kabla, wakati yai linapevuka. Mwezi huu litatoka siku ya 14, mwezi mwingine siku ya 24, na mwanamke ni yuleyule, mzima kabisa.

Sasa tuchukue tarehe zako. Siku zako za mwisho zilianza tarehe 6 Agosti. Wewe ni mtu wa siku 28, kwa hiyo tarehe 3 ulikuwa unazitegemea, na leo ni tarehe 12. Yai lako la kawaida lingetoka kama tarehe 19 au 20 Agosti. Zuhura, tarehe 19 ulikuwa wapi? Ulikuwa wodini na mama, umelala chini ya kitanda chake juu ya khanga mbili, unaamka kila nesi anapopita na tochi. Tangu tarehe 14 hadi 24. Nilipokuja kukuona, mchana wako ulikuwa soda moja na nusu chapati, na ile dera ya kijani ilikuwa inakuning'inia.

Mwili unaona hayo yote. Amri ya kupevusha yai inatoka kwenye ubongo, si tumboni, na ubongo ukiona hofu, njaa na kukosa usingizi, unaiahirisha amri hiyo. Ndiyo maana wasichana huchelewa wakiwa kwenye mitihani, na wengine wakiugua homa kali au wakikonda ghafla. Kwa hiyo kwa ninavyoona mimi, siku zako hazikuchelewa. Yai ndilo lililochelewa, na siku zako zinalifuata nyuma kwa adabu.

Sasa usikilize hapa, maana hapa ndipo ulipoanza kujihukumu mapema. Shemeji aliondoka na lori tarehe 9 Agosti. Yai lingetoka kwa wakati wake, tarehe 19 au 20, lingemkuta yuko foleni Kasumbalesa anasubiri kuvuka. Mbegu ya mwanaume inaishi ndani yetu siku tano hivi, zaidi ya hapo ni bahati ya nani sijui. Maana yake mwezi ungekwenda kama kawaida, wala usingekuwa na cha kupima. Karudi tarehe 28 jioni, kakaa hadi tarehe 1. Kama yai lilitoka kwenye tarehe 29 au 30, basi huko kuchelewa unakokulilia ndiko kulikokupa nafasi.

Na kama ndivyo, vipimo vyako vyote viwili ulivifanya mapema. Yai likikutana na mbegu halijitangazi siku hiyohiyo. Linasafiri kwenye mrija, linafika kwenye mji wa mimba, linajishikiza ukutani, na hiyo safari inachukua kati ya siku 6 na 12. Likishajishikiza ndipo ile homoni ya mimba, ile iliyoandikwa hCG kwenye boksi, inapoanza kuingia kwenye damu, na baadaye kwenye mkojo. Inaanza kidogo sana, inaongezeka maradufu kila baada ya siku mbili au tatu. Tarehe 7 ulipopima mara ya kwanza, yai la tarehe 30 lingekuwa na siku nane tu. Kikaratasi cha elfu moja kingeona nini?

Halafu hiki cha jana usiku. Umeniambia ulikuwa umekunywa lita nzima ya maji ili mkojo upatikane. Shoga! Mkojo ulikuwa maji matupu. Tumia wa kwanza wa alfajiri, kabla hujanywa kitu, usome ndani ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, kisha ukitupe. Usikirudie pipani baada ya saa moja, maana mkojo ukikauka unaacha mstari wa kivuli, na huo umeshawavuruga wengi.

Lakini sitaki nikupandishe juu kisha uanguke. Yai lililotoka tarehe 30 na mimba isitunge, damu inakuja kesho au keshokutwa au siku chache mbele. Ikija, imekuja. Haisemi kwamba una kasoro, inasema tu yai lilitoka. Miaka miwili ya ndoa na mume anayekaa nyumbani siku nne kwa mwezi, hiyo kwa hesabu yangu ni miezi michache tu ya kujaribu, ingawa mama mkwe wako anahesabu vingine.

Mimi mwenyewe, nilipoacha sindano ya miezi mitatu, nilikaa miezi saba sijaona kitu. Nilikuwa naficha vipimo kwenye gunia la mchele, nafanya kazi dukani na najua kabisa kwamba sindano ile inaweza kukawiza yai hata karibu mwaka, na bado nikawa napima. Kujua ni kitu kimoja, moyo ni kitu kingine. Kwa hiyo sikushangai wewe wa saa nane usiku.

Usipime tena kesho. Subiri tarehe 22, siku 21 tangu shemeji aondoke. Hapo hata mimba changa kabisa itakuwa imeshaonekana. Ikikataa tena na siku hazijaja, tutakwenda kliniki pamoja, wapime damu, waangalie na tezi ya shingo na hizo homoni nyingine, wakupige ultrasaundi. Na hadi wakati huo dawa ya kurudisha siku usiinywe, iwe ya mizizi au ya kopo, hata akikuletea shangazi.

Kitu kimoja tu hakisubiri tarehe 22: maumivu makali chini ya tumbo, hasa upande mmoja, damu usiyoielewa, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, au maumivu kwenye ncha ya bega. Ukipata hata kimoja, nenda hospitali saa hiyohiyo na usiwaambie tu "nilipima hakuna." Mimba nje ya kizazi hutokea, na kikaratasi mara nyingine hukosea.

Mtoto wa wifi anakuja Tanga keshokutwa, nitampa vipimo viwili, nimevifunga ndani ya boksi la panadoli. Mwambie mama nimeuliza hali, na kama miguu bado imevimba anijulishe. Na ile picha ifute, simu yako anaichezea kila mtu hapo nyumbani.

Mwanaidi