Sentroidi ya sekta ya duara kwa koordineti za polari

Tuna bamba jembamba lililokatwa kwa umbo la sekta, lenye unene sawa kila mahali. Nusu kipenyo chake ni r, na pembe nzima kwenye kitovu O ni 2α. Tunataka kujua bamba hilo litatulia juu ya ncha ya msumari likiegemezwa wapi. Nukta hiyo ndiyo sentroidi.

Pembe tunaiita 2α badala ya α ili mhimili wa x upite katikati ya sekta, θ ikianzia −α hadi α. Kila kipande kilicho juu ya mhimili kina pacha wake chini, hivyo ȳ = 0 bila kukokotoa chochote. Imebaki x̄ peke yake.

Kipande kidogo kilicho umbali ρ kutoka O, kwenye pembe θ, kina upande mmoja wa dρ na mwingine wa ρ dθ. Eneo lake ni

dA = ρ dρ dθ

Hiyo ρ ya mbele ndiyo inayosahaulika zaidi. Iko pale kwa sababu kadiri unavyokwenda mbali na O, ndivyo pembe ileile dθ inavyofagia tao refu zaidi. Eneo lote ni

A = ∫₋α^α ∫₀^r ρ dρ dθ = (r²/2)(2α) = αr²

Kipande hicho kina x = ρ cos θ, kwa hiyo momenti kuzunguka mhimili wa y ni

M = ∫₋α^α ∫₀^r (ρ cos θ) ρ dρ dθ
= ∫₀^r ρ² dρ · ∫₋α^α cos θ dθ
= (r³/3)(2 sin α)

Integrali mbili zimeachana kwa sababu mipaka ya ρ haitegemei θ. Ukijaribu kazi hii kwa x na y utakutana na mizizi ya r² − x², na itakubidi ugawe eneo mara mbili pale mstari ulionyooka unapokutana na tao. Sasa gawanya:

x̄ = M/A = (2r sin α)/(3α)

Hapa α lazima iwe katika radiani.

Tuipime. Ikiwa α = π/2 tunapata nusu duara, x̄ = 4r/(3π), takriban 0.424r. Ikiwa α = π ni duara zima, na sin π = 0 inarudisha sentroidi kwenye O, kama inavyopaswa. Kipimo ninachokipenda zaidi ni α ikikaribia sifuri: sin α/α inakaribia 1, na x̄ inakaribia 2r/3. Sekta nyembamba sana ni kama pembetatu, na sentroidi ya pembetatu iko theluthi mbili ya njia kutoka kwenye kipeo.

Kipimo hicho kinanasa kosa ambalo vipimo vya urefu haviwezi kulinasa. Mtu akisahau ρ ya dA juu na chini pia, atapata r sin α/(2α). Jibu liko katika sentimita, linapendeza machoni, lakini α ikikaribia sifuri linatoa r/2. Pembetatu haikubali.

Tuchukue r = 12 sm na pembe nzima ya 60°. Basi α = 30° = π/6:

x̄ = (2 × 12 × 0.5)/(3 × π/6) = 24/π ≈ 7.64 sm

Aliyeweka 60° mahali pa α atapata 6.62 sm, na kosa hilo halijitangazi. Aliyeacha 30 bila kugeuza kuwa radiani atapata 0.13 sm, karibu kabisa na O. Huyo angalau ataishuku kalkuleta yake.

Jibu hilihili linatupa pia sentroidi ya kile kipande kati ya uzi wa duara na tao, bila integrali mpya. Ondoa pembetatu kutoka kwenye sekta. Sekta ina eneo la 24π ≈ 75.40 sm², na momenti yake ni 24π × 24/π = 576 sm³. Pembetatu ina eneo la 36√3 ≈ 62.35 sm²; sentroidi yake iko (2/3) × 12 cos 30° = 4√3 sm kutoka O, hivyo momenti yake ni 432 sm³. Kilichobaki:

x̄ = (576 − 432)/(75.40 − 62.35) = 144/13.05 ≈ 11.0 sm

Uzi uko 12 cos 30° ≈ 10.4 sm kutoka O na kilele cha tao kiko 12 sm, kwa hiyo nukta yetu imeangukia ndani ya kipande, karibu zaidi na uzi, upande ambao kipande ni kipana.