Ile "li" uliyoifuta

Kamwene mwanangu,

Picha ya karatasi yako ya mtihani nimeipata jana jioni. Kivuli cha kidole gumba kimeangukia upande wa kulia, na mkunjo umepita juu ya swali la 8, lakini swali la 7 unaloliuliza linasomeka vizuri. Mlipewa sentensi ya Kijerumani muitafsiri, nawe ukaandika:

Vitabu ambavyo mjomba yangu alininunua, sijasoma vyote.

Chini yake msahihishaji ameandika kwa wino mwekundu:

Vitabu alivyoninunulia mjomba wangu bado sijavisoma vyote.

Akakupa alama 2 kati ya 5, basi, hakuna maelezo. Hilo limeniuma kidogo, kwa sababu mwanafunzi akisahihishwa hivyo hudhani kila kilichobadilishwa kilikuwa kosa. Wewe sasa umeanza kuiogopa "ambavyo", na haina hatia yoyote. "Vitabu ambavyo mjomba wangu alininunulia" ni Kiswahili safi. Alichofanya msahihishaji ni kuandika kwa njia fupi.

Kosa kubwa liko kwenye "alininunua". Nimeikuza picha hapo nikaona mkwaruzo wa kifutio: mwanzo uliandika "alininunulia", kisha ukaifuta ile "li". Nadhani uliona "li" zimekuwa mbili katika neno moja ukafikiri umerudia. Hukurudia. Ulikuwa umepata.

Livunje neno la msahihishaji vipande vipande:

a – li – vyo – ni – nunu – li – a

"A" ni yeye, mjomba. "Li" ya kwanza ni ya wakati uliopita. "Vyo" inarudi kwa vitabu. "Ni" ni mimi. "Nunu" ni mzizi. Halafu inakuja "li" ya pili, ambayo haina uhusiano wowote na wakati. Hiyo ni ya kauli ya kutendea: inasema kitendo kimefanywa kwa ajili ya mtu. Ukiiondoa, "ni" inabaki kuwa ndicho kitu kilichonunuliwa, na sentensi yako inasema mjomba alikwenda akakununua wewe, kama mtu anavyonunua mbuzi mnadani.

Kauli hii unaisikia kila siku, ila hujaitambua. Jumamosi ukienda Soko Kuu hapa Iringa, simama karibu na akina mama wa viazi usikilize. "Nipimie fungu moja." "Nipunguzie kidogo." "Basi niongezee viwili." "Nifungie kwenye mfuko." Kila mmoja anaomba kitu kifanywe kwa ajili yake. Pima imekuwa pimia, punguza imekuwa punguzia, funga imekuwa fungia. Ongeza imechukua "e", ikawa ongezea, kwa sababu irabu iliyo mbele yake ni "e". Irabu ikiwa "e" au "o", kiambishi huwa "e": leta, letea, soma, somea.

Sasa kwa nini nunua imepata "li" na si "i" peke yake? Tazama mwisho wake: irabu mbili zimefuatana, "u" na "a". Vitenzi vya namna hiyo huirudisha "l" katika kutendea: chukua, chukulia, fungua, fungulia, ondoa, ondolea, pokea, pokelea, zaa, zalia. Nimesema huirudisha kwa sababu zamani "l" ilikuwepo baina ya irabu hizo, Kiswahili kikaidondosha, na lugha nyingi za Kibantu bado zinayo. Kwa hiyo usiikariri kama jambo la ajabu. Ukiona kitenzi kimeishia na irabu mbili, itegemee "l".

Katika Kijerumani kuna kale kaneno kadogo kanakosema "kwa mimi", kanasimama peke yake, na kitenzi hakibadiliki. Ndiyo maana uliona "ni" inatosha. Kwetu haitoshi. Mtu anayefanyiwa anaingia ndani ya kitenzi, na kitenzi chenyewe lazima kinyambulike ili kumpokea.

Mtego mwingine wa Kijerumani hukuuingia, ila wenzako wengi huuingia. Sentensi yenu imetumia ule wakati wa vipande viwili, "hat gekauft", na Mjerumani akiuona mkono unakimbilia "me". Lakini "me" haikai na "vyo" ndani ya kitenzi. Hatusemi "amevyoninunulia". Ukitaka "me", hapo ndipo "ambavyo" inakuokoa: vitabu ambavyo ameninunulia.

Umeuliza pia kwa nini mjomba amehamia nyuma ya kitenzi. Kirejeshi kikiwa ndani ya kitenzi, kitenzi hupenda kukaa bega kwa bega na jina linalorejelewa: vitabu alivyoninunulia. Mtendaji anasubiri nyuma. Ukimchomeka katikati, "vitabu mjomba alivyoninunulia", msomaji anajikwaa, maana "vyo" ni pia ya namna: "mjomba alivyoninunulia" inasikika kama "jinsi mjomba alivyoninunulia". Ukitumia "ambavyo", mjomba anaweza kukaa pale ulipomweka wewe.

Maelezo ya "wangu" ni mafupi. Mjomba, wajomba: ni ngeli ya mtu na watu, kwa hiyo mjomba wangu. Ulichanganya na baba yangu, shangazi yangu, rafiki yangu. Mitaani utasikia "mjomba yangu", lakini kwenye mtihani andika wangu. Na ujue kwamba neno la Kijerumani halisemi ni ndugu wa upande gani. Ukimwambia mama mwenyeji wako "mjomba", ameshajua ni ndugu wa mama yako. Angekuwa wa upande wa baba, ungesema baba mdogo au baba mkubwa.

Sehemu ya mwisho: si – ja – vi – som – a. "Ja" yenyewe tayari ina maana ya "bado", kwa hiyo hukukosea kuliacha neno hilo. Limewekwa kutia mkazo. Ila "vi" ulipaswa kuiweka. Vitabu vimetangulia mbele ya sentensi, na kitu kikitangulia hivyo, kitenzi hukikumbuka. Rudi juu uone nilivyoanza barua hii: "Picha ya karatasi yako nimeipata." Sikuandika "picha nimepata". Katika kitenzi cha kwanza "vi" haikuingia kwa sababu nafasi ya mtendewa ni moja tu, na "ni" ameshaikalia. Vitabu tayari vina "vyo" yao.

"Vyote" uliipata vizuri. "Sijavisoma vyote" watu wataelewa kwamba vingine umesoma, vingine bado, kama Kijerumani kilivyotaka. Ungekuwa hujaanza kabisa, ungesema "sijasoma hata kimoja".

Kabla hujaja Kihesa Jumamosi, tunga sentensi mbili za umbo hilihili. Ya kwanza: mahindi, dada, kuchoma, kula. Ya pili: nguo, dada, kufua, kukunja, hiyo ya pili iangalie mwisho wa kitenzi chake kabla hujaandika. Andika kwa kalamu ya wino. Ukibadili mawazo, piga mstari mmoja tu juu ya neno, usilifute, nataka kuona ulichoandika kwanza.

Mwalimu wako