Taarifa ya tukio: mtahiniwa namba 0047 kukutwa na karatasi ya maandishi ndani ya chumba, mtihani wa Historia (012), kidato cha nne

Kwa: Katibu Mtendaji, Baraza la Mitihani la Tanzania
Kupitia: Afisa Elimu Sekondari wa Halmashauri
Kutoka: Mkuu wa shule na mkuu wa kituo, Mkoa wa Ruvuma
Imeandikwa: Jumatano usiku, siku ileile ya tukio

Ndugu Katibu Mtendaji, salaam.

Naandika hii usiku huu huu kabla sijalala maana najua kesho kila mtu atakuwa na hadithi yake na mimi mwenyewe nitaanza kuchanganya. Fomu rasmi ameshajaza msimamizi mkuu na zimo kwenye bahasha. Hii ya kwangu ni maelezo ya mkuu wa kituo. Namba ya kituo iko juu ya bahasha kwahiyo hapa sijaitaja, na mtoto nitamtaja kwa namba yake tu.

Kwanza kabisa niseme, mimi ndani ya chumba sikuwepo. Mkuu wa shule haingii chumba cha mtihani na mimi sijaingia, nilikuwa ofisini kwangu tangu bahasha zilipofunguliwa mpaka nilipoitwa. Kwahiyo yale ya ndani ya chumba ni kama nilivyoelezwa na msimamizi mkuu pamoja na wasimamizi wawili wa chumba namba 2, na yale ya ofisini nimeyaona kwa macho yangu, nitajitahidi kuyatenganisha.

Asubuhi mvua ilinyesha kuanzia kama saa 12 na nusu, ile ya upepo, watoto wengi wakafika wamelowa na wengine wakafika saa 1:45 wakati kwa kawaida saa 1:15 tunakuwa tumeshapanga mistari. Hapa lazima nikiri. Ukaguzi wa mlangoni ulifanyika ila ulifanyika mbiombio, msimamizi wa kike alikuwa mmoja tu kwa wasichana wote wa vyumba viwili, alikagua mifuko, viatu na soksi, mikono ya masweta hakuikunjua. Ameandika hivyo mwenyewe kwenye maelezo yake wala hakuna aliyemlazimisha. Mtihani ulianza saa 2:00 kamili, chumba namba 2 kilikuwa na watahiniwa 38, hakuna aliyekosa.

Saa 3:25 msimamizi wa kiume wa chumba hicho alikuwa amesimama nyuma, akamuona 0047 (mstari wa tatu, kiti cha nne, upande wa dirishani) ameshika pindo la mkono wa kushoto wa sweta na kulivuta vuta, halafu anaangalia chini, halafu anaandika. Anasema aliona hivyo mara mbili, ya kwanza akadhani mtoto ana baridi maana dirisha lile halifungi vizuri. Ya pili akasogea taratibu, akamwambia aweke kalamu chini na anyooshe mkono, mtoto akanyoosha bila ubishi. Ndani ya pindo kulikuwa na karatasi imekunjwa mara nne. Msimamizi mkuu aliitwa palepale, karatasi ikatolewa mbele ya wasimamizi wote watatu, saa ikaandikwa, na watoto waliokaa jirani wakaambiwa waendelee na kazi zao.

Msimamizi mkuu alifuata kijitabu chake cha maelekezo, akamuacha mtahiniwa aendelee na mtihani mpaka mwisho ila akamhamishia kiti cha mbele peke yake. Aliandika pia pembeni, kwenye karatasi yake mwenyewe, mtoto alikuwa amefikia wapi dakika ile karatasi ilipokamatwa: ameshamaliza sehemu A na B, yuko katikati ya insha ya kwanza ya sehemu C. Hilo nampongeza, wengi wangesahau.

Sasa karatasi yenyewe. Hii nimeiona, ilikuwa mezani kwangu kabla ya kufungwa. Ni nusu ya ukurasa wa daftari la mistari, imeandikwa pande zote mbili kwa biki ya bluu, mwandiko mdogo sana ila unasomeka, kwa Kiingereza kama somo linavyofundishwa. Kuna mada tatu. Upande mmoja ni sababu za Vita vya Majimaji, hoja tano: kodi, kazi za kulazimishwa, kilimo cha pamba, ukatili wa maakida na majumbe, na maji ya Kinjekitile. Upande wa pili ni Mkutano wa Berlin na chini yake biashara ya utumwa, hoja chache chache. Kwa maelezo ya msimamizi mkuu, katika hizo tatu ni Majimaji pekee iliyokuwa kwenye karatasi ya mtihani, na ndiyo insha aliyokuwa anaiandika.

Hili la mada tatu nalisema makusudi. Mchana huu nimeshapigiwa simu na watu wawili, mmoja mzazi na mwingine sijui namba yangu kaipata wapi, wakiuliza kama mtihani umevuja. Bahasha zilikuwa zima, lakiri haikuguswa, zilifunguliwa mbele ya wasimamizi wote na askari, na saini zipo. Mtu aliyeuona mtihani asingehangaika kuandika mada mbili ambazo hazipo.

Je aliitumia? Hapo ndipo watu wangu wamegawanyika na sitaki kuficha. Msimamizi aliyemkamata anasema kwa vyovyote alikuwa ananakili, kamuona anaangalia na kuandika. Msimamizi mkuu yeye anasema kwenye ile karatasi miaka ya vita imeandikwa 1904 mpaka 1906, ambayo ni makosa, wakati kwenye kijitabu cha majibu mtoto ameandika 1905 mpaka 1907 ambayo ndiyo sahihi. Na hiyo miaka iko kwenye utangulizi wa insha, yaani kabla hajakamatwa. Upande mwingine hoja tatu za kwanza za insha zimefuatana vilevile kama kwenye karatasi: kodi, kazi za kulazimishwa, pamba. Mwalimu wetu wa Historia kaniambia huo ndio mpangilio anaowafundishia darasa zima, kwahiyo mkifungua vijitabu vya chumba kile mtakuta wengi wameanza na kodi. Mimi kijitabu chake sijakiona na sikuomba kuonyeshwa, haya ya miaka na hoja nimeambiwa kwa mdomo na baadaye nikayasoma kwenye maelezo ya msimamizi mkuu. Ninyi mnavyo vyote viwili, mtalinganisha.

Mtahiniwa alihojiwa ofisini kwangu saa 5:20 baada ya mtihani kuisha, tukiwa na msimamizi mkuu, msimamizi wa kike na mwalimu wa malezi. Kama dakika kumi hakusema kitu, alilia tu, tukampa maji. Halafu akaandika maelezo yake kwa mkono wake, yameambatanishwa. Kwa kifupi anasema anatembea karibu saa nzima kuja shule, karatasi ile huwa anaisoma njiani, leo mvua ilipomkuta akaichomeka kwenye pindo isilowe na akaisahau. Anasema alipokuwa chumbani aliihisi mkononi akaogopa kuitoa, ndo maana alikuwa anavuta sweta.

Ningependa kumuamini na kwa sehemu namuamini, njia anayopita naijua. Ila kuna jambo moja. Pindo lile lilikuwa limeshonwa kwa uzi mweupe, mishono miwili tu, mmoja kila pembeni, na katikati pameachwa wazi kama mfuko. Sweta ni la kijani. Nilimuuliza uzi huo ni wa nini, akasema pindo lilifumuka wiki iliyopita akalishona mwenyewe. Nikaangalia mkono wa kulia, haukuwa na mshono wowote wala haukuwa umefumuka. Nikamuuliza tena, akanyamaza. Hilo la uzi halimo kwenye maelezo yake, nilimwambia anaweza kuongeza, akasema hana la kuongeza. Sweta tumelizuia, limo kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa na kusainiwa, tumempa lingine la akiba la shule.

Niongeze kitu ambacho labda si kazi ya taarifa hii ila kinanikera. Huku kwetu Songea Majimaji si mada ya kuandikia kwenye pindo. Watoto hawa tunawapeleka makumbusho kila Februari, tarehe 27, siku wazee wa Kingoni waliponyongwa mwaka 1906, wanasimama pale mbele ya makaburi, na huyu 0047 ndiye aliyesoma majina mwaka jana na hakukosea hata moja. Kwahiyo nilipoona ile 1904 nilishangaa kuliko nilivyokasirika. Mwalimu wa Historia ameangalia akasema huo si mwandiko wa mtoto, kwamba 0047 anaandika herufi zilizolala. Mtoto mwenyewe anasema ni wake. Daftari lake la Historia nimeliambatanisha mlinganishe wenyewe, mimi si mtaalam wa mwandiko.

Mama yake alifika saa 9 alasiri kwa bodaboda, nilimpigia mwenyewe. Nilimweleza kilichokutwa na kwamba uamuzi si wa shule wala si wangu, ni wa Baraza, na nilimwambia ukweli kwamba kosa hili kwa kanuni linaweza kumfutia mtoto matokeo yote sio ya Historia peke yake. Aliuliza kama mtoto aendelee kuja. Nikamjibu aje, afanye mitihani yote iliyobaki kama wenzake. Usiku huu analala bwenini kwa matroni, ni uamuzi wangu, sikutaka atembee peke yake leo.

Hatua nilizochukua kwa kituo: kuanzia kesho ukaguzi unaanza saa 1:00 mvua inyeshe isinyeshe, masweta yanavuliwa, yanakunjuliwa na kukung'utwa kabla ya kuvaliwa tena, na nimeshamuomba Afisa Elimu msimamizi wa pili wa kike, amekubali kwa simu. Dirisha lile fundi amelifunga jioni hii.

Ninachoomba kwenu ni mambo mawili. Mmoja wenu aangalie ule mwandiko kwa makini kabla ya kuamua, maana kama karatasi imeandikwa na mtu mwingine basi kuna mtu mwingine kwenye jambo hili na ningependa kumjua kabla wiki haijaisha. Na pili, huyu msimamizi wa kike asibebeshwe mzigo wa ukaguzi peke yake, kumpanga mmoja kwa vyumba viwili halikuwa chaguo lake, na mimi niliona asubuhi kwamba mstari ni mrefu na muda umekwisha, nikanyamaza.

Ndani ya bahasha kuna karatasi iliyokamatwa, maelezo ya mtahiniwa, maelezo ya wasimamizi wote watatu, mchoro wa ukaaji wa chumba namba 2 na daftari la Historia. Sweta liko kwenye mfuko wake. Vyote vinaondoka kesho na gari la mitihani chini ya askari, nakala ya taarifa hii anabaki nayo Afisa Elimu.

Mkuu wa shule na mkuu wa kituo