Ombi la Likizo ya Uzazi kwa Baba, Kuanzia Kesho Jumanne

Karakana Kuu,
Mwanakwerekwe,
Unguja.

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Kwa Meneja Utumishi,
Ofisi Kuu,
Mlandege.

Kupitia kwa Meneja wa Ufundi.

KUH: OMBI LA LIKIZO YA UZAZI KWA BABA, 16 HADI 20 SEPTEMBA, PAMOJA NA SIKU MBILI ZA LIKIZO YA MWAKA

Bi Zuwena, Assalamu alaykum.

Mke wangu amejifungua mtoto wa kike usiku wa kuamkia leo, katika Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, Pemba. Amejifungua kwa upasuaji. Mama na mtoto wote wazima, Alhamdulillah. Kwa hivyo naomba likizo ya uzazi ya siku tano za kazi zenye malipo, kuanzia kesho Jumanne tarehe 16 hadi Jumamosi tarehe 20. Naomba pia nikatiwe siku mbili kutoka katika likizo yangu ya mwaka, Jumatatu tarehe 22 na Jumanne tarehe 23. Nitaripoti kazini Jumatano tarehe 24 asubuhi.

Kanuni zetu za utumishi zinataka ombi la likizo hii lifike kwako mwezi mmoja kabla. Nililitimiza hilo. Barua yangu ya mwezi wa Julai ilisema tunatarajia mtoto tarehe 9 Oktoba, na Meneja wa Ufundi alikwisha kuipanga ratiba ya mafundi kwa wiki hiyo. Kilichobadilika ni tarehe. Mke wangu yuko kwao Kengeja tangu mwezi uliopita, kama ilivyo kwetu mwanamke kwenda kujifungulia kwa mama yake. Juzi Jumamosi alianza kulalamika kichwa na macho kuona kiwi, miguu ikamvimba. Mama yake hakusubiri, alimpeleka hospitali jioni hiyo hiyo. Walipompima walimkuta na presha ya mimba, na presha hiyo ikiachwa huweza kuleta kifafa cha mimba, kwa hivyo wakamlaza. Jana usiku ilipopanda tena licha ya dawa, madaktari wakaona kumtoa mtoto ndiyo salama kwa wote wawili. Mimi nilipigiwa simu saa sita usiku kuulizwa damu yangu ni kundi gani na kama naweza kufika. Kufika nisingeweza, baina yangu na wao ilikuwapo bahari. Shemeji zangu wawili ndio waliokwenda kujitolea.

Mtoto ana kilo 2.4. Si mdogo wa kutisha, lakini kwa kuwa amewahi wiki tatu na zaidi, wanamweka kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi apate joto, na wanamwangalia anavyonyonya. Mama naye presha yake inapimwa mara kwa mara, maana tumeambiwa kuzaa hakuiondoi papo hapo. Inaweza kupanda tena siku za mwanzo baada ya mtoto kutoka. Hilo ndilo linalonifanya nisitake kungoja hadi wiki ijayo.

Najua wapo watakaosema mwanamme hana kazi katika nyumba ya mzazi, kule ni kwa wanawake, wewe tuma fedha tu. Fedha nimetuma. Lakini mama mkwe wangu ni mtu mzima, ameshakesha hospitali usiku mbili mfululizo, na mwenye mshono hawezi kunyanyua ndoo wala kuinamia mtoto bila ya msaada. Kuna dawa za kufuata, kuna gari ya kutafuta ya kuwatoa Mkoani hadi Kengeja siku watakayoruhusiwa, na kuna kumrejesha kliniki akapimwe presha. Yupo pia mwanangu wa kiume wa miaka minne, amebaki hapa Amani kwa dada yangu, anauliza mama yake kila akiamka. Nataka niende naye akamwone mdogo wake.

Siku ya saba itakuwa Jumapili tarehe 21. Siku hiyo tunamnyoa nywele, tunamwita jina na kumfanyia akika, na mbuzi mmoja ameshapatikana huko huko Kengeja. Kwa kuwa ni Jumapili, haigusi siku ya kazi. Zile siku mbili za likizo ya mwaka nimeziomba kwa sababu nyengine. Jumatatu nataka kwenda ofisi ya wilaya ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kumuandikisha mtoto, nikiwa na karatasi ya hospitali na vitambulisho vya wazazi wote wawili. Nikiondoka Pemba bila ya kulifanya hilo itanilazimu nifunge safari nyengine, na bila ya cheti cha kuzaliwa hamtaweza kumuingiza katika bima ya afya ya kampuni. Jumanne ni siku ya kurudi. Boti haipatikani kila saa unayoitaka, na Septemba bahari ya Pemba ina tabia zake.

Kuhusu idadi ya siku, naomba nilitaje jambo moja ili lisituchelewesheni. Fomu ya likizo iliyomo kwenye kompyuta ya karakana inajaza yenyewe siku tatu ukichagua likizo ya uzazi kwa baba. Nadhani programu hiyo imetengenezewa Bara, kwa sababu siku tatu ndizo zilizomo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Namba 6 ya 2004, nazo zichukuliwe ndani ya siku saba tangu mtoto kuzaliwa. Sheria hiyo haitumiki hapa kwetu. Ajira za Zanzibar zinaongozwa na Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, na kanuni zetu wenyewe za utumishi zimeandika siku tano za kazi. Mwezi wa Machi mwenzetu mmoja wa stoo alikatwa siku mbili kwa sababu ya fomu hiyo, akazidai hadi zikarejeshwa. Mimi fomu nimeichapisha na kuijaza kwa mkono, nimeandika tano. Ikiwa mhasibu ataitoa kwenye kompyuta naomba aangalie kabla ya mishahara ya mwisho wa mwezi.

Sasa kazi. Najua ninaondoka wakati mbaya. Wageni bado ni wengi, hoteli za pwani zimejaa, na hakuna meneja wa hoteli anayetaka kusikia habari za mtoto wa fundi wakati mgeni wake analala na joto. Nimekaa na Makame leo asubuhi zaidi ya saa moja na amekubali kushika nafasi yangu. Ameshaishika kabla, na mafundi wanamsikiliza.

Jambo linalonishughulisha hasa ni chumba cha baridi cha hoteli ya Kiwengwa. Kompresa tumeibadilisha Ijumaa. Inafanya kazi, lakini bado haijapita wiki moja, na chumba kile kina samaki na nyama za hoteli nzima. Kinatakiwa kikae nyuzi 18 chini ya sifuri. Nimemwachia Makame daftari la vipimo, na mpishi mkuu wa pale amekubali kusoma kipimajoto asubuhi na jioni na kumpigia. Kikipanda hadi nyuzi 12 chini ya sifuri na kisishuke ndani ya saa mbili, mtu aende hapo hapo, asingoje kesho. Mara nyingi si kompresa. Ni mlango ulioachwa wazi wakati wa kupokea mzigo, au barafu imeziba feni ya ndani. Waanze na hayo kabla ya kugusa gesi. Mtungi wa R404A umebaki mmoja stoo, na Bi Asha anajua asiutoe kwa kazi nyengine.

Paje ni Alhamisi, usafi wa kawaida wa viyoyozi vya vyumba vya mbele. Nimeomba safari hii mashine za nje zioshwe kwa maji matamu mengi, na mapezi ya kondensa yapigwe brashi. Chumvi ya bahari inayala upande ule kuliko popote tunapofanya kazi, na wenyewe wamekuwa wakilalamika umeme unakwenda sana. R410A ipo ya kutosha. Watakwenda mafundi wawili na kijana wa mafunzo. Kijana asipande paa peke yake.

Vipuri tulivyoagiza huenda vikatoka bandarini Malindi wiki hii. Kwa kawaida nasaini mimi. Nimeandika barua ya kumruhusu Makame, Meneja wa Ufundi ameshaisaini, imebaki muhuri wa ofisi yako. Naomba upigwe leo, maana mzigo ukikaa kule ndio gharama inavyoongezeka. Mengine yaliyobaki ni madogo na yamo katika karatasi ya makabidhiano.

Simu yangu itakuwa wazi kila siku kuanzia saa kumi jioni hadi magharibi, kwa maswali ya kazi. Asubuhi nitakuwa wodini au njiani na sitaki kuahidi nisichoweza. La Kiwengwa nipigiwe wakati wowote. Ila naomba, kwa heshima, nisiitwe kurudi kabla ya tarehe 24 isipokuwa Meneja wa Ufundi mwenyewe ameona hapana njia nyengine. Nikishavuka, kurudi si suala la kupanda daladala.

Nimeshakata tiketi ya boti ya kesho asubuhi, mimi na mwanangu. Nimefanya hivyo kabla ya jibu lako kwa sababu nafasi zilikuwa zinakwisha, si kwa kudharau utaratibu. Leo nipo karakana hadi jioni, na naweza kufika Mlandege saa yoyote ukinihitaji kusaini kitu. Ikiwa siku mbili za likizo ya mwaka zina tatizo, naomba unijulishe leo hii ili nijue kama nirudi Jumapili usiku au Jumatatu, na habari za kumuandikisha mtoto nimwachie shemeji yangu ajaribu. Zile tano za uzazi ndizo ninazozihitaji kwa vyovyote.

Karatasi ya hospitali yenye tarehe na saa ya kuzaliwa nitaipiga picha nikifika na kukutumia kesho jioni. Nakala halisi nitakuja nayo.

Ahsante sana.

Wako katika kazi,

Khamis Juma Haji
Msimamizi wa Mafundi, Mafriji na Viyoyozi

Viambatisho: fomu ya likizo iliyojazwa kwa mkono, nakala ya barua ya Julai, karatasi ya makabidhiano iliyosainiwa na Makame, barua ya ruhusa ya kutoa mzigo bandarini.

Nakala: Mhasibu, Bi Asha, Stoo.