Karibuni: Hotuba ya Kufungua Klabu Yetu ya Usomaji

Wazee wetu, akina mama, kaka, dada na vijana, hamjambo? Karibuni sana. Tumefurahi kuwaona.

Tuko 18, wanafunzi na wastaafu pamoja. Hakuna kitabu kitakachompendeza kila mmoja wetu, ila njia ya kukichagua lazima iwe ya haki kwa wote.

Kila mwezi wanachama watano watapendekeza kitabu kimoja kimoja, kwa kufuata daftari la majina. Baada ya miezi minne kila mtu atakuwa amepata zamu. Anayependekeza awe amesoma angalau kurasa 30 za mwanzo. Kusifu jalada hakutoshi.

Kitabu kisizidi kurasa 240, na mpendekezaji ahakikishe nakala tisa zinapatikana, za kununua au kuazima. Hapa naomba tusilegeze kamba, kwa sababu klabu nyingi hufia hapa: kitabu kinachaguliwa, nakala hazionekani, nusu ya watu wanakuja hawajasoma, mazungumzo yanakuwa ya kusikia kwa wenzao. Kwa nakala tisa tutasoma wawili wawili, kila mmoja wiki mbili, yaani kurasa 17 hivi kwa siku. Kutoa kivuli kitabu kizima hapana. Mwandishi naye anaishi kwa kazi yake.

Siku ya kura, kila mpendekezaji ana dakika mbili. Asome aya moja kwa sauti, asitoboe mwisho wa hadithi. Kisha kila mtu ataandika kwenye karatasi, kwa siri, vitabu vitatu: cha kwanza alama 3, cha pili 2, cha tatu 1. Chako mwenyewe usikipe alama. Vikilingana, tutatazama kipi kimewekwa cha kwanza na watu wengi zaidi. Vikilingana tena, kifupi kitapita.

Mtauliza, kwa nini tusinyooshe mikono? Kwa vitabu vitano, kimoja kinaweza kushinda kwa kura 5 tu, na watu 13 wakakisoma shingo upande. Tena kijana akiona mkono wa mzee umekwenda juu, wake utaufuata.

Tukisoma riwaya mbili mfululizo, mwezi unaofuata mapendekezo yote yawe ya aina nyingine: ushairi, tamthilia, wasifu au historia.

Kura tutapiga mwezi mmoja kabla ya kuanza kusoma, ili kuwe na muda wa kutafuta nakala. Leo hatupigi. Tutasoma hadithi fupi moja kwa sauti, kwa kupokezana, tuzoeane.

Watano wa kwanza, mleteeni katibu jina la kitabu, idadi ya kurasa na mahali nakala zilipo, wiki moja kabla ya mkutano ujao. Katibu, tusomee majina yao.