Ripoti ya Tukio la Usalama wa Mifumo: Akaunti ya Barua Pepe ya Fedha na Orodha ya Wanufaika

Kwa: Mkurugenzi na Kamati ya Utendaji
Kutoka: Afisa TEHAMA
Hali ya sasa: Mvamizi ameondolewa, uchunguzi wa barua zilizotoka unaendelea
Usambazaji: Siri, kwa waliotajwa tu

Kwa kifupi

Mtu asiyejulikana aliingia kwenye akaunti ya barua pepe ya fedha, akakaa humo tangu Alhamisi hadi Jumatatu, na akapakua orodha ya wanufaika 412. Hatuna ushahidi kwamba orodha hiyo imeuzwa au imetumika. Hata hivyo, kumbukumbu za mfumo zinaonyesha faili lilipakuliwa lote, kwa hiyo tunalihesabu kuwa limevuja. Hakuna fedha iliyopotea.

Mfuatano wa matukio (saa zote ni za Kiswahili)

*Alhamisi, 5:18 asubuhi.* Afisa fedha alipokea barua kutoka kwa shirika tunaloshirikiana nalo, ikiwa na kiungo cha ankara. Anwani ilikuwa ya kweli, kwa sababu akaunti ya mshirika huyo nayo ilikuwa imeshatekwa. Kiungo kilifungua ukurasa uliofanana na ule wa kuingilia barua pepe, akaandika nywila yake.

*5:21.* Akaunti ilifunguliwa kutoka anwani 203.0.113.47, ambayo haijawahi kutumiwa na mfanyakazi wetu.

*5:34.* Iliundwa kanuni ya kisanduku iliyopewa jina la nukta moja tu. Kila barua yenye neno "malipo", "benki" au "ankara" ilinakiliwa kwenda anwani ya nje, kisha ikafichwa kwenye folda ya `RSS Feeds` ikiwa imewekwa alama ya kusomwa. Ndiyo maana afisa fedha hakuona lolote.

*Jumamosi, 10:26 alfajiri.* Orodha ya wanufaika ilipakuliwa kutoka folda ya pamoja.

*Jumatatu, 4:05 asubuhi.* Mhasibu wa mfadhili alipiga simu kuuliza kama kweli tumebadilisha akaunti ya benki. Simu hiyo ndiyo iliyotuokoa: barua ya kubadilisha akaunti ilikuwa imeandikwa vizuri, kwa jina letu, ikiendeleza mazungumzo halisi.

*4:20.* Nywila ilibadilishwa. Saa 4:41 anwani ileile ilikuwa bado inasoma barua, kwani kibali ambacho mfumo ulikuwa umeshampa mvamizi kilikuwa hakijaisha muda.

*4:47.* Akaunti ilizimwa, vikao vyote vikakatwa, na kanuni zikakaguliwa, zikiwemo zilizofichwa:

```
Revoke-MgUserSignInSession -UserId fedha@example.org
Get-InboxRule -Mailbox fedha@example.org -IncludeHidden
Get-Mailbox fedha@example.org | Select ForwardingSmtpAddress
```

Kanuni ya nukta ilinakiliwa kama ushahidi kabla ya kufutwa. Isingefutwa, barua zingeendelea kutoka hata baada ya nywila mpya.

Taarifa zilizoguswa

Barua 37 zilinakiliwa nje. Nyingi ni ankara na risiti. Uzito uko kwenye orodha. Ina majina, namba za simu, namba za vitambulisho, na safu ya "sababu ya msaada", ambamo kwa watu 58 umeandikwa ugonjwa wao. Namba ya simu inaweza kubadilishwa. Ugonjwa ukishajulikana haurudi kuwa siri. Watu hawa walituambia kwa kutuamini, na wao ndio wa kwanza kulindwa katika kila hatua inayofuata.

Chanzo

Afisa fedha alidanganywa na barua iliyotoka kwa mtu anayemfahamu, na alieleza kila kitu mara tu alipoulizwa. Sipendekezi adhabu, mfanyakazi anayeogopa adhabu huficha, na kuficha kungetugharimu siku zaidi. Mlango wenyewe ulikuwa kwingine: akaunti hii iliachwa bila uthibitishaji wa hatua mbili ili skana ya zamani iweze kutuma nyaraka kupitia kwayo. Tena, folda ya wanufaika ilikuwa wazi kwa wafanyakazi wote, ingawa wanaoihitaji ni wawili.

Hatua

Kompyuta ya afisa fedha imekaguliwa, haina programu hasidi. Mfadhili na mshirika wamearifiwa kwa simu. Mamlaka ya ulinzi wa taarifa binafsi ilipelekewa taarifa Jumatano, ndani ya saa 72 tangu tugundue. Uthibitishaji wa hatua mbili sasa ni lazima kwa akaunti zote; skana imepewa akaunti yake isiyoweza kusoma barua.

Mratibu wa miradi atawapigia wale 58 mmoja mmoja kabla ya Ijumaa jioni, na asiache ujumbe wowote unaotaja ugonjwa, maana simu nyingine hutumiwa na familia nzima. Waliobaki watapata ujumbe mfupi wa kuwatahadharisha na watu watakaojifanya sisi, ukieleza wazi kwamba hatuombi namba ya siri wala malipo kwa simu.

Safu ya "sababu ya msaada" itahamishiwa faili tofauti lenye wasomaji wawili, kazi yangu, mwisho Jumatatu. Kuanzia leo, badiliko lolote la akaunti ya benki, letu au la wengine, linathibitishwa kwa kupiga namba tuliyokuwa nayo tangu awali, si iliyo kwenye barua.

Kamati inaombwa kuamua kama kumbukumbu za wanufaika ambao msaada wao umeisha zifutwe. Ni 190 kati ya 412.