Udhuru wa kutohudhuria harusi

Mpendwa Akinyi,

Nimeupokea mwaliko wa harusi yako itakayofanyika Kisumu Jumamosi ya Sikukuu ya Jamhuri, nami nakushukuru kwa dhati kwa kunihesabu miongoni mwa wageni wako.

Kwa masikitiko, sitaweza kufika. Siku hiyohiyo wakwe watarajiwa wa dada yangu mdogo wanakuja nyumbani kwetu Bungoma kwa mazungumzo ya mahari, na kwa kuwa baba yetu alikwisha kufariki, mimi kifungua mimba ndiye ninayepaswa kuketi na wazee kuwapokea. Siku hiyo ilikuwa imekubaliwa kabla kadi yako haijanifikia. Sikukuu hii, naona, kila familia imeikimbilia.

Mchango wangu nimemtumia mweka hazina wa kamati kwa M-Pesa. Ripoti za mwisho wa mwezi nitazishughulikia mpaka utakaporejea kutoka likizoni, kwa hiyo simu ya ofisi usiipokee hata ikilia.

Tafadhali wafikishie bwana harusi na wazazi wako salamu zangu za heri. Mkisharudi Nakuru, mimi na mke wangu tungependa kuwakaribisha kwetu kwa chakula cha jioni.

Wako,
Wafula